Muhuri wa "Imepokelewa" si Bima: Barua ya Kuhamisha Bima ya Nyumba Iliyouzwa

Mama yule alikuwa ameikunja nakala ya barua mara nne na kuiweka ndani ya bahasha ya kaki pamoja na hati ya bima. Alipoikunjua juu ya meza yangu, jambo la kwanza nililoliona lilikuwa muhuri wa rangi ya zambarau: IMEPOKELEWA, tarehe 18 Septemba 2024, na saini fupi ya karani. Chini ya muhuri huo kulikuwa na mistari mitatu tu aliyoiandika kwa mkono wake, akiieleza kampuni ya bima kwamba nyumba yake ya Tabata ameiuza na anaomba bima "ihamie kwa mnunuzi".

Mnunuzi mwenyewe alikuwa amekaa kando yake, kijana wa makamo, akiwa ameshika simu yenye picha za jiko lililoungua.

"Si walipokea, mwanangu?" mama aliniuliza. "Muhuri wao si huu hapa?"

Ninafanya kazi ya uwakala wa bima, na bima ile haikupita ofisini kwetu. Walikuja kwangu kutafuta maoni ya mtu wa pili. Swali la mama nililijibu siku ileile, lakini limenikaa kichwani kwa wiki nyingi, kwa sababu jibu sahihi kisheria lilikuwa jibu ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na njia rahisi ya kulijua kabla ya moto.

Bima haikai ukutani

Watu wengi huidhania bima ya nyumba kuwa kama mita ya LUKU, ambayo nyumba ikiuzwa hubaki ukutani pamoja na uniti zake, na anayeingia huendelea kuzitumia. Dhana hiyo ina mantiki yake, kwa sababu hati ya bima hutaja kitalu, mtaa, kuta za tofali na paa la bati, na mwaka mzima umeshalipiwa. Lakini kinachokatiwa bima si kuta wala paa. Kinachokatiwa bima ni hasara ambayo mtu fulani aliyetajwa kwa jina ataipata kuta na paa vikiungua. Mtu huyo akishaiuza nyumba na kulipwa fedha zake zote, moto ukija hana hasara yoyote, na bima yake haina cha kufidia.

Kuna kesi mbili za Uingereza zinazolieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha mafunzo nilichowahi kusoma, nazo zinatuhusu kwa sababu misingi ya mikataba ya bima tunayoitumia Tanzania ilitoka kwenye sheria hiyo ya Kiingereza. Mwaka 1878, mjini Liverpool, wenye majengo fulani waliingia mkataba wa kuyauza kwa pauni 3,100. Kabla ya mauzo kukamilika majengo yakaungua, na kampuni ya bima ikawalipa wauzaji pauni 330. Wanunuzi, ambao walibanwa na mkataba na wakalipa bei yote kwa majengo yaliyoharibika, walikwenda mahakamani kudai fedha zile za bima. Mwaka 1881 Mahakama ya Rufani, kwa wingi wa majaji, iliwakatalia: mkataba wa bima ulikuwa kati ya wauzaji na kampuni, na mkataba wa mauziano haukusema lolote kuhusu bima.

Hadithi haikuishia hapo. Kampuni ya bima nayo ikawageukia wauzaji ikisema: mmelipwa bei yote ya majengo, basi hasara mliyotudai hamkuwa nayo, turudishieni pauni zetu 330. Mwaka 1883 mahakama iliikubalia.

Ukizisoma kwa pamoja, kesi hizo zinaacha picha ya kusikitisha. Ada ya bima ililipwa, moto ukatokea, hati ya bima ilikuwa hai, na mwisho wa yote aliyeumia ni mnunuzi peke yake. Zaidi ya karne moja baadaye, Tabata, nilikuwa nikiitazama picha hiyohiyo kwenye simu ya yule kijana.

Sharti lililofichwa katikati ya hati

Nilimwomba mama anipe hati yenyewe. Katika hati nyingi za bima ya moto zinazotumika hapa kwetu kuna sharti linalohusu mabadiliko, nalo husema kwamba bima hukoma kuigusa mali endapo jambo fulani kati ya yaliyotajwa litatokea, isipokuwa kama mwenye bima, kabla ya hasara, amepata ridhaa ya kampuni, na ridhaa hiyo imeandikwa kwenye hati na kampuni au kwa niaba yake. Miongoni mwa mambo hayo ni jengo kukaa bila watu kwa zaidi ya siku 30, matumizi ya jengo kubadilika kwa namna inayoongeza hatari, na maslahi ya mwenye bima kuhamia kwa mtu mwingine kwa njia isiyokuwa wosia au utekelezaji wa sheria.

Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa polepole. Mwenye nyumba akifariki, maslahi yake huhamia kwa msimamizi wa mirathi kwa nguvu ya sheria, na sharti hili haliigusi bima. Akiuza, bima hukoma. Haisubiri mwisho wa mwaka wala barua ya kusitisha kutoka kwa kampuni. Hukoma pale maslahi yanapohama, na kinachoweza kuizuia isikome ni ridhaa iliyoandikwa kabla ya hasara.

Kwa hiyo sharti lina sehemu tatu, na barua ya mama ilitimiza nusu ya moja. Aliomba. Ridhaa haikutolewa, na kitu chochote hakikuandikwa kwenye hati.

Muhuri wa karani wa mapokezi unathibitisha kwamba karatasi imefika jengoni. Hauthibitishi kwamba mtu mwenye mamlaka ya kupokea hatari ameisoma, amemchunguza mnunuzi na amekubali. Nilipomweleza mama hivyo alinyamaza, kisha akauliza kwa nini basi hawakumwambia. Swali hilo nalo ni halali, na nitalirudia.

Tarehe nne

Mlolongo wenyewe ulikuwa hivi. Bima ilianza tarehe 1 Machi 2024 na ilikuwa iishe tarehe 28 Februari 2025. Jengo lilikuwa limekatiwa bima ya shilingi milioni 180, na ada ya mwaka, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, ilikuwa shilingi 270,000. Mkataba wa mauziano ulisainiwa mwezi Juni, mnunuzi akalipa sehemu ya kwanza. Zikafuata zile shughuli zinazojulikana: kibali cha uhamisho wa milki, kodi ya mapato yatokanayo na mauzo, ushuru wa stempu, na hatimaye usajili kwa Msajili wa Hati. Fedha zilikamilishwa na uhamisho ukasajiliwa tarehe 4 Septemba, siku ambayo pia funguo zilikabidhiwa. Barua iliandikwa tarehe 16 Septemba, ikagongwa muhuri tarehe 18. Moto wa jikoni, ulioanzia kwenye soketi ya jiko la umeme, ulitokea tarehe 9 Oktoba.

Wengi wakiusikia mlolongo huu huona tatizo kwenye wiki tatu kati ya muhuri na moto. Mimi naliona mapema zaidi, kwenye siku kumi na mbili kati ya funguo na barua. Barua ilipoandikwa, bima iliyokuwa ikiombewa uhamisho ilikuwa imeshakoma. Kampuni ingeweza, kwa hiari yake, kuifufua kwa jina la mnunuzi, na kampuni nyingi hufanya hivyo bila ugumu. Lakini huo ungekuwa mkataba mpya, hata kama ungetumia karatasi na namba ileile.

Wakati mzuri wa kuandika barua hii ni kati ya kusainiwa kwa mkataba na kukamilika kwa mauzo. Katika kipindi hicho muuzaji bado ana maslahi katika nyumba, mnunuzi tayari anayo ya kwake kwa sababu amelipa na amefungwa na mkataba, na kampuni ina muda wa kuuliza maswali yake. Na kipindi hicho kwetu si kifupi. Kinaweza kuchukua miezi, na mkataba wa mauziano ambao hausemi nani anabeba hatari ya moto katika miezi hiyo unawaacha wote wawili kwenye ubishi.

Barua ambayo ningependa ingekuwa imeandikwa

Baada ya wao kuondoka nilikaa nikaiandika upya barua ile, kama ambavyo ingefaa kuandikwa mwezi Agosti. Sikuwa na wa kumpelekea. Nilitaka tu kuona kama ingewezekana kuiandika kwa lugha ya kawaida, ndani ya ukurasa mmoja, bila kuhitaji wakili. Inawezekana.

> YAH: OMBI LA RIDHAA YA KUHAMISHIA BIMA YA MOTO NAMBA ……… KWA MNUNUZI WA NYUMBA, KITALU NAMBA ………, TABATA, DAR ES SALAAM
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ndimi mwenye bima tajwa, inayoanzia tarehe 1 Machi 2024 hadi tarehe 28 Februari 2025. Kwa mkataba wa tarehe ……… nimekubali kumuuzia nyumba hiyo Bw. ………, na tunatarajia kwamba uhamisho utasajiliwa na nyumba kukabidhiwa mwanzoni mwa Septemba 2024.
>
> Naomba ridhaa yenu, kwa maandishi na kwa waraka wa nyongeza utakaoambatishwa kwenye hati, ili kuanzia tarehe na saa ya makabidhiano bima ya jengo iendelee kwa jina la mnunuzi kwa muda uliobaki. Hadi makabidhiano, naomba pia maslahi ya mnunuzi yatambuliwe kwenye hati pamoja na yangu.
>
> Ombi hili linahusu jengo peke yake. Bima ya vyombo vya ndani naomba isitishwe siku ya makabidhiano, kwa kuwa vyombo hivyo naondoka navyo. Madai yoyote ya hasara itakayotokea kabla ya makabidhiano yatabaki kuwa yangu, isipokuwa pale ambapo mkataba wa mauziano umeelekeza vinginevyo.
>
> Endapo hamtaridhia, naomba mnijulishe kwa maandishi kabla ya tarehe ………, ili mnunuzi akate bima yake mwenyewe, nami nirudishiwe ada ya muda ambao haujatumika.
>
> Naambatisha nakala ya mkataba wa mauziano, nakala ya hati ya bima, na maelezo ya mnunuzi yenye saini yake.

Sentensi ninayoithamini kuliko nyingine zote ni ile inayoanza na "Endapo hamtaridhia". Barua ya mama ilikuwa imeacha ukimya uwe jibu, na kila upande uliutafsiri ukimya huo kwa faida yake. Tarehe ya mwisho haiilazimishi kampuni kukubali, na ukimya baada ya tarehe hiyo bado si ridhaa. Lakini mnunuzi anapata siku ambayo, isipofika karatasi, anajua kwamba hana bima na anakwenda kuikata kwingine.

Kutenganisha jengo na vyombo nako si urembo. Hati ya mama ilikuwa na vyote viwili, na kochi zake na friji vilikuwa vimeshahamia Kibaha alikokwenda kuishi. Barua iliyosema "bima ihamie" iliomba mnunuzi apewe bima ya friji isiyokuwa yake.

Sauti ya mnunuzi

Hapa ndipo nilipobadili mawazo niliyoanza nayo. Mwanzoni niliichukulia barua hii kuwa ya muuzaji, kwa kuwa bima ni yake. Kadiri nilivyoitafakari, ndivyo nilivyoona kwamba nusu ya uzito wake iko kwa mnunuzi, na kwamba ndiyo sababu kampuni ina haki ya kukataa.

Kampuni ilipompokea mama ilimpokea mjane mstaafu anayeishi mwenyewe katika nyumba yake, asiyewahi kudai fidia. Mnunuzi ni mtu mwingine. Je, ataishi humo au ataweka wapangaji? Atafungua duka la gesi kwenye chumba cha mbele? Atavunja ukuta, ataleta mafundi wa kuchomelea, ataiacha nyumba tupu kwa miezi miwili akisubiri rangi ikauke? Amewahi kuunguliwa, au kukataliwa bima? Kila swali kati ya haya lingeulizwa kama angekata bima mpya, na wajibu wa kusema ukweli wote unaohusu hatari haupungui kwa sababu anaingia kupitia mlango wa mtu mwingine. Maelezo yake yaliyosainiwa, hata ya aya mbili, ndiyo yanayomwezesha mpokea hatari kuamua. Bila hayo, faili hukaa mezani, na nina hakika kwamba hilo ndilo lililotokea kwenye faili la mama.

Kijana yule alikuwa amechukua mkopo wa benki kununua nyumba. Benki huwa inataka jina lake litambuliwe kwenye hati ya bima ili fidia ipitie kwake kwanza, na hilo nalo huandikwa kwa waraka wa nyongeza. Halikuwa limeandikwa. Endapo muuzaji ndiye aliyekuwa na mkopo, mambo hugeuka: benki ya zamani inapaswa kutoa barua kwamba deni limekwisha, la sivyo jina lake litaendelea kukaa kwenye hati ya nyumba isiyoihusu tena.

Tena kuna suala la kiasi. Mnunuzi aliniambia kwamba alinunua kwa milioni 320 na akashangaa kuona hati ikisema 180. Nilimweleza kwamba bei ya nyumba ndani yake imo ardhi, na ardhi haiungui. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kulijenga jengo upya. Swali lake la kweli lilipaswa kuwa kama milioni 180 bado inatosha kujenga. Tuseme fundi makini anakadiria milioni 240. Jengo litakuwa limekatiwa bima kwa robo tatu tu ya thamani yake, na kwa sharti la uwiano, ambalo hulipa hasara kwa kiwango hichohicho, hasara ya milioni 40 italipwa milioni 30. Mnunuzi anayerithi hati ya mwenzake hurithi pia makadirio ya zamani, na siku ya kuomba uhamisho ndiyo siku ya kuyarekebisha.

Kilicholipwa na kisicholipwa

Kampuni ilikataa dai la jiko. Ilimrudishia mama ada kuanzia tarehe 4 Septemba, siku 178 kati ya 365, yaani takriban shilingi 131,700 kati ya zile 270,000. Kwa upande wa hesabu ilitenda haki, kwa kuwa kampuni nyingine, mwenye bima anapositisha mwenyewe, hutumia jedwali la muda mfupi linalorudisha pungufu ya uwiano wa siku. Gharama za jiko zilibaki kwa kijana.

Je, uamuzi wa kukataa ulikuwa sahihi? Kisheria, naamini ndiyo. Mama hakuwa na hasara, na kijana hakuwa na mkataba. Lakini sikubali kwamba kampuni haikuwa na wajibu wowote baada ya karani kugonga muhuri. Barua ile ilikuwa na maneno mawili ambayo mtu yeyote wa ofisi ya bima anapaswa kuyaona kama king'ora: "nimeuza nyumba". Simu moja kwa mama siku ileile, kumwambia kwamba bima imekoma na kwamba mnunuzi aje na maelezo yake, ingetosha. Nililisema hilo waziwazi kwa kijana, nikamweleza kwamba anaweza kulipeleka lalamiko lake kwa maandishi kwenye kampuni kwanza, na asiporidhika alifikishe kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Nilimweleza pia, bila kumficha, kwamba lalamiko la kucheleweshewa jibu si sawa na dai la fidia, na kwamba asitegemee la kwanza limletee la pili.

Njia fupi zaidi

Wanaoniuliza sasa huwa nawaambia kwanza wapige hesabu. Ikiwa zimebaki wiki chache kabla ya bima kuisha, au mnunuzi anataka kuibadilisha nyumba, au benki yake ina kampuni inazozikubali, uhamisho hauna faida. Mnunuzi akate bima yake mwenyewe ianze saa ileile ya kukabidhiwa funguo, na muuzaji asitishe ya kwake siku hiyohiyo, asitangulie hata kwa usiku mmoja. Uhamisho unafaa pale ambapo muda mrefu umebaki, matumizi ya nyumba hayabadiliki, na masharti ya hati ya zamani ni mazuri kiasi kwamba mnunuzi asingeyapata upya kwa ada ileile.

Kwa njia yoyote watakayoichagua, kifungu kimoja kiingie kwenye mkataba wa mauziano wenyewe: nani anabeba hatari ya moto hadi makabidhiano, nani anadumisha bima katika muda huo, na kwamba fedha ya mwisho hailipwi mpaka mnunuzi awe ameshika mkononi ama waraka wa nyongeza wenye jina lake, tarehe ya kuanza na saini ya kampuni, ama hati yake mpya. Waraka huo huwa ni ukurasa mmoja. Unapoupokea, soma jina, kitalu, kiasi na tarehe, kisha uuambatishe kwenye hati kabla ya kuweka chochote kwenye bahasha.